Flashi Moja kwa Kompyuta na Televisheni: Jinsi ya Kuchagua Mfumo wa Faili

Desemba iliyopita mama mmoja wa Nansio, kisiwani Ukerewe, alikuja kwenye chumba changu cha kuhariria video hapa Kirumba kuchukua video ya harusi ya binti yake. Ilikuwa ya saa 2 na dakika 20, faili moja. Niliinakili kwenye flashi mpya ya gigabaiti 64, nikaifungua kwenye kompyuta yangu ili kuhakikisha inacheza, nikamkabidhi, naye akawahi meli ya mchana. Usiku akanipigia simu: "Mwanangu, ndugu wote wako hapa sebuleni, lakini televisheni inasema hakuna kifaa kilichochomekwa. Kweli umeweka kitu humu?" Nilikuwa nimeweka. Flashi ilikuwa nzima, video ilikuwa nzima, na televisheni yake haikuwa na hitilafu yoyote. Tatizo ni kwamba kabla ya kunakili sikuwa nimemuuliza televisheni yake inasoma mfumo gani wa faili.

Mfumo wa faili ni utaratibu ambao flashi hutumia kutunza kumbukumbu za kilichomo ndani yake: jina la kila faili, ukubwa wake, na mahali vipande vyake vilipohifadhiwa. Kifaa kisichoufahamu utaratibu huo hakioni faili hata moja, na mara nyingi hakioni hata kwamba flashi ipo. Kompyuta hufahamu mifumo mingi, na ikikosa mmoja unaweza kuiongezea programu. Televisheni hufahamu ile tu iliyowekewa kiwandani. Kwa sababu hiyo, anayetaka flashi moja itembee kati ya kompyuta na televisheni anapaswa kuanza na televisheni, kisha ndipo azifikirie kompyuta.

Mifumo mitatu, na kikomo kimoja kinachosumbua

Mifumo inayohusika hapa ni mitatu: FAT32, exFAT na NTFS. FAT32 ilianza kutumika mwaka 1996 katika toleo la pili la Windows 95, na leo karibu kila kifaa chenye tundu la USB kinaisoma, iwe ni televisheni, redio ya gari, dekoda au mashine ya kuchapishia picha. Ingekuwa jibu la kila swali kama si kikomo chake: haipokei faili moja linalozidi baiti 4,294,967,295.

Namba hiyo inaonekana ya ajabu, lakini chanzo chake ni rahisi. Katika FAT32, kila faili lina mstari wake kwenye orodha ya folda, na ndani ya mstari huo nafasi iliyotengwa kuandika ukubwa wa faili ni baiti 4 tu, yaani biti 32. Namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa biti 32 ndiyo hiyo. Aliyewahi kusimama kwenye mizani ya dagaa pale Mwaloni ataelewa haraka: daftari likiwa na visanduku vitatu tu vya kuandikia kilo, mzigo wa kilo 999 unaandikika na wa kilo 1,000 hauandikiki, hata kama ghala lililo nyuma ya karani ni tupu. Ndiyo maana flashi ya gigabaiti 64 isiyo na kitu chochote ndani yake inaweza kukataa faili la gigabaiti 8. Wateja wengi hudhani flashi imejaa, au wameuziwa mbovu, wakaanza kufuta picha zao ili kupata nafasi. Kufuta hakusaidii, kwa kuwa kinachozuia si nafasi.

Windows inapokutana na hali hiyo huandika maneno haya:

```
The file 'harusi.mp4' is too large for the destination file system.
```

Ukiyaona, jua mara moja kwamba flashi iko kwenye FAT32 na faili limevuka kikomo.

Mfumo wa exFAT ulitolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2006, mahususi kwa flashi na kadi za kumbukumbu. Nafasi ya kuandikia ukubwa wa faili ndani yake ni biti 64, hivyo kwa video za nyumbani ni kana kwamba hakuna kikomo. Windows na Mac za sasa huusoma na kuuandikia bila kuongezewa chochote. Udhaifu wake uko upande wa televisheni. Kwa miaka mingi watengenezaji wa vifaa walipaswa kuwa na leseni ya Microsoft ili kuuweka, na wengi, hasa wa televisheni za bei nafuu, waliuacha. Mwaka 2019 Microsoft ilichapisha maelezo yake hadharani, na mwaka 2020 Linux, ambayo ndiyo msingi wa programu za televisheni nyingi, ikapata sehemu imara ya kuusoma katika toleo la 5.7. Televisheni iliyotengenezwa kabla ya hapo inaweza kuusoma au isiusome, na huwezi kujua kwa kuitazama tu.

NTFS ni mfumo wa diski za ndani za Windows tangu enzi za Windows NT, mwaka 1993. Nao unapokea mafaili makubwa, na televisheni nyingi zisizosoma exFAT huusoma huu. Lakini kompyuta za Mac huusoma tu bila kuuandikia: utaweza kutazama kilichomo, ila hutaweza kuongeza wala kufuta kitu.

Hatua ya 1: Iulize televisheni

Njia ya uhakika ni kitabu cha maelekezo kilichokuja na televisheni, au nakala yake kwenye tovuti ya mtengenezaji, ukitafuta kwa namba ya modeli iliyobandikwa mgongoni mwa televisheni. Nenda kwenye ukurasa unaohusu USB, utafute majina FAT32, exFAT na NTFS yalipoandikwa. Usitegemee modeli ya jirani, hata kama ni ya kampuni ileile na inchi zilezile, kwa sababu kampuni moja hubadilisha orodha hiyo kati ya mwaka mmoja na mwingine.

Vitabu hivyo hupotea, na wateja wangu wengi hawanavyo. Katika hali hiyo fanya jaribio. Chukua flashi ndogo isiyo na kitu cha thamani, ifomati kwa FAT32, weka kipande cha video cha dakika 1, ukicheze kwenye televisheni. Kikicheza, ifomati flashi hiyohiyo kwa exFAT, urudishie kipande kilekile, ujaribu tena. Kisha fanya hivyo kwa NTFS. Ni muhimu kipande kiwe kilekile, kwa sababu tayari umethibitisha kwamba televisheni inaielewa video yenyewe. Ikishindikana mara ya pili, kilichobadilika ni mfumo wa faili peke yake, na jibu unalopata halina utata. Nimeona watu wakifanya jaribio hili kwa filamu tofauti kila mara, wakaamua kwamba televisheni haisomi exFAT, kumbe iliyokataliwa ni filamu.

Hatua ya 2: Pima faili lako kubwa kuliko yote

Kwenye Windows, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, usome mstari wa Size. Utaona namba mbili: moja ya gigabaiti, na nyingine ndefu ya baiti. Isome ile ndefu. Windows na Mac hazihesabu gigabaiti kwa namna moja, kwa hiyo kikomo kilekile cha FAT32 huonekana kama 4.00 GB kwenye Windows na 4.29 GB kwenye Mac, na watu wawili wanaosaidiana kwa simu wanaweza kubishana bure. Baiti ni zilezile kila mahali.

Ikiwa video bado haijatolewa kwenye programu ya kuhariri, unaweza kukisia. Video ya megabiti 8 kwa sekunde, sauti ikiwemo, hutumia takriban megabaiti 1 kila sekunde. Kwa kasi hiyo kikomo cha FAT32 kinafikiwa baada ya dakika 71 hivi. Harusi ya mama wa Nansio, yenye dakika 140, ilifika baiti 8,400,000,000, ambazo Windows huziandika kama 7.82 GB. Ni karibu mara mbili ya kikomo, kwa hiyo haikuwa na njia ya kuingia kwenye FAT32 ikiwa faili moja.

Hatua ya 3: Amua

Ikiwa mafaili yako yote yako chini ya kikomo, na hutarajii makubwa zaidi, baki na FAT32 na usihangaike tena. Nyimbo za kwaya, picha, na video fupi za simu hazihitaji zaidi ya hapo.

Ikiwa unalo faili linalozidi kikomo na televisheni inasoma exFAT, chagua exFAT. Ndiyo pekee kati ya mifumo hii inayokupa mambo mawili kwa pamoja: mafaili makubwa, na uhuru wa kuandika kutoka Windows na Mac.

Ikiwa televisheni inakataa exFAT lakini inasoma NTFS, jiulize nani ataiandikia flashi. Kama ni kompyuta za Windows peke yake, NTFS inafaa kabisa, na kwa jambo moja ni bora: inatunza kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea, hivyo umeme ukikatika katikati ya kunakili, kunusurika kwa orodha ya mafaili si suala la bahati tu. Kama kuna Mac inayopaswa kuandika, basi NTFS itakukwamisha, na afadhali kugawa faili na kutumia FAT32.

Ikiwa televisheni inasoma FAT32 tu, kugawa faili hakuepukiki. Kuna ugumu mmoja zaidi hapo: dirisha la kufomati la Windows, katika matoleo mengi yanayotumika, halikupi FAT32 kwenye flashi inayozidi gigabaiti 32. Mac na Linux hazina kizuizi hicho. Kwa mtu wa kawaida mwenye televisheni ya zamani, ushauri wangu ni kununua flashi ya gigabaiti 32. Inatosha zaidi ya harusi tatu kama ile niliyoieleza.

Hatua ya 4: Fomati

Kufomati kunafuta orodha yote ya vilivyomo. Nakili kwanza kila kitu kwenye kompyuta, ufungue faili moja au mawili kuthibitisha kwamba yamefika, ndipo uendelee.

Kwenye Windows fungua This PC, bonyeza flashi kwa kitufe cha kulia, chagua Format. Kwenye File system chagua ulioamua. Allocation unit size iache kama ilivyo. Alama ya Quick Format iache pia, kisha bonyeza Start. Anayependa kuandika amri atatumia hii, akibadilisha herufi E kuwa ile ya flashi yake:

```
format E: /FS:exFAT /Q
```

Kwenye Mac fungua Disk Utility, nenda View, chagua Show All Devices, kisha uchague mstari wa juu kabisa wa flashi, yaani kifaa chenyewe, wala si jina lililo chini yake. Bonyeza Erase. Kwenye Format chagua ExFAT, au MS-DOS (FAT) ukitaka FAT32. Kwenye Scheme chagua Master Boot Record. Uteuzi huu wa mwisho ndio watu huuruka, nao unastahili maelezo yake.

Hatua ya 5: Kagua jedwali la mgawanyo

Kabla kifaa hakijaufikia mfumo wa faili, husoma kwanza ramani fupi iliyo mwanzoni mwa flashi, inayoeleza sehemu zilizomo na kila moja inaanzia wapi. Ramani hizo ni za aina mbili: ya zamani huitwa MBR, ya kisasa huitwa GPT. Kompyuta husoma zote mbili. Televisheni nyingi husoma MBR tu. Matokeo yake ni hali inayowachanganya hata mafundi: flashi iko kwenye FAT32 kabisa, kompyuta inaifungua vizuri, lakini televisheni inasema hakuna kifaa.

GPT huingia kwenye flashi kwa njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni Mac iliyoachiwa GUID Partition Map kwenye Scheme, ambayo pia hutenga sehemu ndogo iliyofichwa mwanzoni mwa flashi, na televisheni inaweza kuishika hiyo ikaiona tupu. Ya pili ni flashi iliyowahi kutumika kuwekea Windows kwenye kompyuta nyingine. Kwenye maduka ya mafundi hilo ni jambo la kila siku, na flashi hizo hurudishwa nyumbani zikafomatiwa kwa njia ya kawaida, ambayo haigusi ramani.

Kuhakikisha, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike `diskpart`, kisha `list disk`. Flashi utaitambua kwa ukubwa wake. Kama kuna nyota chini ya safu ya Gpt kwenye mstari wake, ramani ni GPT. Kuibadilisha, ikiwa flashi ni diski namba 2, endelea hivi:

```
select disk 2
clean
convert mbr
create partition primary
format fs=exfat quick
assign
```

Ninasisitiza uangalifu hapa kuliko mahali pengine popote katika mwongozo huu. Amri ya `clean` haiulizi mara mbili, na ukikosea namba ukachagua diski nyingine ya kompyuta, utakuwa umeifuta hiyo. Chomoa kwanza flashi na diski nyingine zote za nje, na usiendelee mpaka namba na ukubwa vimelingana.

Hatua ya 6: Gawa faili, kama televisheni haikukuachia njia nyingine

Kugawa si lazima kuharibu ubora. Programu ya bure ya ffmpeg inaweza kukata video bila kuibana upya, na kwa kuwa inanakili tu, kazi inakwisha kwa dakika chache.

Wengi hufikiri kwanza kugawa kwa ukubwa, wakijaza kila kipande karibu na kikomo. Angalia ingekuwaje kwa harusi yetu: vipande viwili vya takriban baiti 4,089,000,000 kila kimoja, kisha cha tatu chenye dakika 4 tu za mwisho, na mkato wa kwanza ungeangukia popote, pengine katikati ya picha za ufukweni. Kuigawa nusu kwa nusu kwa dakika 70 kungeacha akiba ndogo mno, kwa sababu matukio yenye mwendo mwingi, kama kucheza ukumbini, hutumia baiti nyingi kuliko wastani, na nusu ya pili ingeweza kuvuka kikomo. Njia bora ni kukata pale tukio lenyewe linapokatika. Katika harusi ile, ibada iliisha dakika ya 48, na msafara pamoja na picha za ufukweni viliisha dakika ya 95, ndipo ukumbi ukaanza. Kwa sekunde, hizo ni 2880 na 5700:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -c copy -f segment -segment_times 2880,5700 -segment_start_number 1 -reset_timestamps 1 harusi-%d.mp4
```

Vinatoka vipande vitatu, `harusi-1.mp4` hadi `harusi-3.mp4`, kila kimoja kikiwa karibu gigabaiti 3, na vyote vinaingia kwenye FAT32 kwa nafasi ya kutosha. Mkato unaweza kusogea kidogo mbele ya sekunde uliyoandika, kwa kuwa video isiyobanwa upya inakatika tu kwenye picha kamili inayofuata. Televisheni nyingi hucheza mafaili ya folda moja kwa mfuatano, kwa hiyo mtazamaji hupata kimya kifupi kati ya ibada na msafara, basi.

Usitumie programu za kubana mafaili, zile zinazotoa vipande vya zip au rar. Kompyuta itaviunganisha, lakini televisheni haiwezi.

Hatua ya 7: Nakili, toa salama, thibitisha

Nakili faili, na mstari wa maendeleo ukifika mwisho usichomoe flashi papo hapo. Kompyuta inaweza kuwa bado imeshikilia sehemu ya data kwenye kumbukumbu yake. Chagua Eject, usubiri kompyuta ikubali. Kwenye FAT32 na exFAT hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mifumo hiyo haitunzi kumbukumbu ya mabadiliko. FAT32 walau huweka nakala mbili za jedwali linaloonyesha vipande vya mafaili vilipo, ilhali exFAT kwa kawaida huweka moja. Umeme ukikatika wakati unanakili kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri, usiendelee pale ulipoachia. Kagua kwanza:

```
chkdsk E: /f
```

Kisha futa faili lililokatika, ulinakili upya.

Kwa kazi inayosafiri mbali nimeanza kuongeza kipimo kimoja zaidi. Nachomoa flashi, naichomeka tena ili kompyuta isisome kutoka kwenye kumbukumbu yake, kisha nalinganisha alama ya faili la awali na la kwenye flashi:

```
certutil -hashfile D:\harusi.mp4 SHA256
certutil -hashfile E:\harusi.mp4 SHA256
```

Mistari miwili mirefu ya herufi na tarakimu ikifanana, mafaili ni sawa baiti kwa baiti. Faili moja la gigabaiti 8 huchukua dakika kadhaa kusomwa, na kwa mtu anayevuka ziwa naona dakika hizo ni haki yake.

Kusoma kinachosemwa na kioo cha televisheni

Televisheni ikigoma, sikiliza inagoma namna gani. Ikisema hakuna kifaa, au ikiomba kuifomati flashi, tatizo ni mfumo wa faili au ramani ya MBR na GPT. Usikubali ombi hilo la kufomati. Televisheni zenye uwezo wa kurekodi matangazo hufomati kwa mfumo wao wenyewe, vilivyomo vinapotea, na ukirudisha flashi kwenye Windows nayo itaomba kuifomati kwa kuwa haiufahamu mfumo huo.

Ikionyesha majina ya folda na mafaili lakini ikasema faili halifahamiki, au ikatoa picha bila sauti, mfumo wa faili hauna hatia: umesomeka. Tatizo ni namna video au sauti ilivyobanwa, na kufomati upya mara kumi hakutabadilisha lolote. Toa video upya kwa H.264 na sauti ya AAC ndani ya MP4, mseto unaokubalika karibu kila mahali.

Ikionyesha faili lilelile mara mbili, moja likianza na nukta na mstari wa chini, kama `._harusi.mp4`, flashi imepita kwenye Mac. Hilo dogo ni faili la maelezo tu, halichezi, na mtazamaji alibonyezapo hudhani video imeharibika. Lifute kwa kompyuta ya Windows kabla ya kukabidhi.

Na kama video inacheza vizuri kisha inasimama palepale kila mara, ama kunakili hakukukamilika, ama flashi yenyewe ni ya uongo. Zipo flashi zilizoandikwa gigabaiti nyingi ambazo ndani zina sehemu ndogo tu ya hizo. Hupokea kila kitu bila kulalamika, na kinachozidi uwezo wao halisi hupotea. Programu ya H2testw kwenye Windows huijaza flashi yote na kuisoma tena, ikakuambia ukubwa wa kweli. Ifanye kabla ya kuweka kazi ya mtu, siyo baada.

Usiku ule wa Nansio tulifuata mwongozo huu kinyumenyume kwa simu. Ujumbe ulikuwa wa hakuna kifaa, kwa hiyo nikajua pa kuanzia. Mpwa wake mama alikuwa na laptopu ya Windows. Akafungua Properties ya flashi, akanisomea exFAT. Nikamwuliza kama ipo flashi nyingine ndani ya nyumba ambayo televisheni huisoma, akaleta moja ya filamu, naye akanisomea NTFS. Hilo lilitosha kuwa jaribio. Windows ina amri ya `convert` inayogeuza FAT32 kuwa NTFS bila kufuta kitu, lakini haifanyi kazi kwenye exFAT, kwa hiyo hatukuwa na njia ya mkato. Alinakili video kwenye laptopu, akaifungua kuhakikisha imefika, akafomati flashi kwa NTFS, akairudisha video, akachagua Eject. Kazi yote ilichukua nusu saa na ushei, sehemu kubwa ikiwa ni kusubiri faili lirudi kwenye flashi. Siku hizi, kwenye fomu ya mteja, chini ya jina na namba ya simu, nimeongeza mstari wa modeli ya televisheni.